Barua ya Karo Niliyoandika na Hasira

Ile barua niliandika mimi. Si bursar, si kompyuta, si shetani. Mimi, na hizi vidole zangu kumi, siku ya Alhamisi saa saba mchana, na nilikuwa na hasira mpaka nikachapa herufi kubwa tupu kutoka juu hadi chini.

Nilikuwa sekretari kwa shule moja ya private hapo mtaa wa Satellite, Nairobi. Shule ya ghorofa mbili, watoto wadogo chini, wakubwa juu, na ofisi yetu imebanwa kando ya ngazi, ndogo hivi kwamba ukitaka kufungua droo ya kabati lazima mtu mmoja asimame. Hiyo kazi sikusomea. Kuchapa nilijifunza kwa cyber nilikuwa nafagia. Mwenyewe akitoka kwenda kula, mimi nakalia kompyuta. Methali nazo nilizitoa kwa kitabu moja haina kava, nilinunua town kwa wale wa kutandaza vitabu chini. Niliisoma mpaka ikaachana kurasa, na hiyo kitabu ndio ilikuja kuniponza.

Aliyenipa kazi ni bursar, mwenye kushika pesa ya karo. Mama wa Mombasa, buibui nyeusi, miwani imefungwa na uzi upande moja, amekaa Nairobi miaka mingi lakini Kiswahili yake haijawahi kupanda basi kuja huku. Siku ya interview Director aliuliza cheti yangu iko wapi. Kabla nidanganye, bursar akasema, "Mwache achape kwanza. Cheti hakichapi barua." Nikachapa. Nikaandikwa. Na miezi mshahara ilikuwa inachelewa, alikuwa ananipigia simu jioni, "Mwanangu, umekula?" na nikisema ndiyo bila kufikiria, anajua nimedanganya, ananitumia mia tatu. Mtu kama huyo ukimgusa, umenigusa mimi kwa jicho.

Sasa Director alikuwa anamgusa kila asubuhi. Director ndio mwenye shule, na mwenye ploti, na mwenye zile nyumba za kupangisha nyuma ya shule. Anakuja na chai yake kwa thermos, anasimama mlangoni juu ndani hakuna nafasi ya tumbo yake, anauliza, "Bursar, hawa watu wanalipa ama wanaomba?"

"Wanalipa kidogo kidogo, Director."

"Kidogo kidogo! Wewe shida yako ni kubembeleza. Hapa si Mombasa. Wazazi wa hapa wanataka kuskia kiboko."

Bursar anageuza tu ukurasa. Mimi hapo kando nachemka kama sufuria ya githeri.

Hiyo Alhamisi bursar alienda town benki, kuchukua statement ya akaunti ya shule. Director akaja, akaniambia nichape barua ya balance ya karo, iingie kwa dayari za watoto kabla wafunge mabegi. "Na iwe kali," akasema.

Nikajiambia, sawa. Mnamnyanyasa huyu mama juu ya hawa wazazi? Leo wazazi watanijua. Nikafungua ile listi ya balance kwa kompyuta, majina sitini na kitu, na nikaandika hivi:

KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA! MZAZI, UNA DENI YA SHULE. USITULETEE HADITHI. MTOTO WAKO ASIONEKANE HAPA JUMATATU KAMA HUJAMALIZA BALANCE YOTE. WALIMU PIA WANA MATUMBO.

Chini nikaweka muhuri. Muhuri ya ofisi ya bursar, juu ndio ilikuwa mezani.

Nilipeleka kwa Director. Akasoma, akacheka mpaka chai ikamwagika kwa kifuniko ya thermos. "Matumbo! Hii ndio inatakikana. Toa kopi." Aliweka alama ya kalamu kwa kona, ile tiki yake kubwa. Nikatoa kopi, ile yenye tiki nikaiweka kwa faili, nikakatakata, nikajaza balance ya kila mtoto, nikazunguka darasa moja moja na stepla nikizibana kwa dayari. Nilikuwa najisikia kama nimempigania mtu.

Kuna vitu viwili sikufikiria. Ya kwanza, watoto wa siku hizi wanasoma. Mtoto wa gredi ya nne hawezi kubeba karatasi kwa dayari yake mpaka nyumbani bila kuisoma, tena kwa sauti, tena kwa basi ya shule, mbele ya wenzake. Hiyo jioni, nilikuja kuambiwa, basi yote ilikuwa ni, "Wewe yenu ni ngapi?" na, "Haiya, mathe yako anakula fees!" Kuna msichana alichana karatasi akaitafuna.

Ya pili ndio ilikuwa mbaya zaidi. Bursar ana kitabu yake. Si kompyuta, ni counter book nyekundu, na ndani ameandika na penseli kila mzazi na makubaliano yake. Huyu analipa tarehe tano mshahara ikiingia. Huyu anauza nguo soko ya Toi, analipa kila Jumamosi. Kompyuta inajua balance peke yake. Kitabu inajua mtu. Na mimi kwa hasira yangu sikufungua kitabu.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, geti ilikuwa imejaa. Kuna mzee alikuwa amelipa yote lakini kwa M-Pesa akaandika jina ya mtoto badala ya nambari ya usajili, pesa ikakaa huko hewani bila mwenyewe, na sasa ameitwa mwenye hadithi. Alikuwa anapiga meza yangu na simu. "Soma! Soma hiyo message! Hadithi ni gani hapo?"

Halafu akaingia mama mmoja wa Woodley, mwembamba, kitambaa nyeusi kwa kichwa. Hakupiga kelele, na watu wakampisha. Ameshika mkono ya kijana wake wa gredi ya nne, na kwa mkono ile ingine ameshika dayari imefunguliwa.

"Nani ameandika matanga?" akauliza.

Akainua dayari juu, wote waione.

"Nimezika bwana yangu wiki tatu zimeisha. Jana huyu mtoto amenisomea hii karatasi jikoni. Akaniuliza, mami, matanga ya baba ndio tunalipa? Nataka kujua nani aliandika."

Mimi huwa sina breki ya mdomo. Watu wa kwetu wananijua, makanga wananijua, hata polisi mmoja wa Kawangware ananijua. Lakini hiyo asubuhi mdomo yangu ilikataa kufunguka. Nilikuwa nimeangalia stepla.

Bursar akasimama. Alikuwa ameshaisoma. Niliona venye macho yake ilienda kwa muhuri, halafu ikanipitia kidogo tu, halafu ikarudi kwa huyo mama.

"Muhuri ni wangu," akasema. "Niwie radhi, dada yangu. Barua hii haikufaa kukufikia wewe, wala mtu yeyote."

Na hapo nyuma ya mlango, Director akatokea na thermos yake. Akachukua karatasi kwa mkono ya huyo mama, akaisoma pole pole, karatasi yenye alicheka nayo jana, akatingisha kichwa kama askofu. "Madam, pole sana. Hata mimi imenishtua. Nitachukua hatua."

Imekushtua! Imekushtua na tiki yako iko kwa faili!

Huyo mama hakumjibu. Akamwambia kijana aende darasa, akatoka. Saa nne hivi huyo mama alikuwa ameweka picha ya karatasi kwa group ya WhatsApp ya wazazi, na chini ya picha watu wanaandika vitu siwezi kurudia. Saa tano Director akaita bursar kwa ofisi yake, na hizo kuta ni za mbao, unaskia hata mtu akikuna kichwa.

"Huyo mama akitoa watoto wake, na wengine wamfuate, wewe pia utatoka. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Nataka group itulie, nataka pesa iingie. Zote mbili."

"Sawa, Director," akasema yeye.

Akarudi, akakaa, akavuta counter book. Mimi nilikuwa nalia na hasira, ile ya kulia bila kufuta.

"Mbona ulisema ni yako? Si ungesema ni mimi!"

"Sikusema niliandika mimi. Nimesema muhuri ni wangu, na kweli ni wangu. Ningekutoa wewe mbele za watu, ungekuwa wapi saa hizi?"

"Naenda kumwambia Director mbele ya wazazi wote, hiyo tiki yake—"

"Keti."

"Mama, huyu mtu ni mnafiki!"

"Ni mnafiki, ndiyo. Keti. Barua mbaya iko nje, na dawa yake ni barua nzuri, si kelele. Lete karatasi."

Nikakaa. Akachukua ile yangu, akaisoma yote kwa sauti, pole pole, hizo herufi kubwa zote. Ikisomwa na yeye ilikuwa aibu zaidi, kama mtu anakuvulia nguo akizikunja.

"Haya. Uliandika 'una deni'. Deni kiasi gani?"

"Si nilijaza kwa kalamu hapo chini."

"Chini kabisa, kama umeficha. Juu umeweka matusi, chini ndiyo hesabu. Mzazi akifika kwa hesabu ashakasirika. Lete hesabu juu."

Nikaandika nyingine. Na juu nilikuwa nimechapwa na dunia, nikaandika tamu kupita kiasi. Ati mpendwa mzazi, tunakutakia baraka, tunajua maisha ni magumu, tungefurahi sana ukitukumbuka wakati wowote utakapojaliwa.

Bursar akaisoma akacheka, mara ya kwanza hiyo siku. "Hii mtu ataisoma, aseme amina, alale. 'Wakati wowote' ni lini? Mwanangu, heshima isiyosema tarehe ni porojo. Utamrudia mwezi ujao umekasirika tena, na kosa litakuwa lako."

"Sasa unataka kali ama pole?"

"Nataka iwe wazi, mtu akimaliza kusoma ajue mambo manne. Anadaiwa kiasi gani. Alipe lini, na vipi. Akishindwa, aje kwa nani. Na asipolipa wala asije, kutakuwa nini. Hayo usipunguze hata moja. Ukali ni ule mwingine wote uliouongeza."

Tulibishana kwa hiyo ya mwisho. Mimi nilitaka tuitoe, nikasema hakuna heshima ndani ya kumwambia mtu mtoto atakaa nyumbani. Yeye akakataa. "Kumficha mtu litakalompata si heshima. Lakini usimfukuze mtoto kwa barua ya siku tatu. Mpe muda, na umwambie mlango uko wapi."

Tukaandika, tukafuta, tukaandika. Chai ilikuja ikapoa. Mwisho ikakuwa hivi, na hii naijua kwa kichwa mpaka leo:

Kwa mzazi au mlezi, salamu kutoka ofisi ya shule. Kulingana na rekodi zetu, karo iliyobaki ya mtoto wako muhula huu ni shilingi (hapa tukaacha nafasi). Tunakuomba uilipe kufikia Ijumaa ijayo kupitia paybill ya M-Pesa ya shule, na uandike nambari ya usajili ya mtoto, si jina lake, ili malipo yasipotee. Ikiwa umeshalipa, tunakushukuru. Tafadhali tuonyeshe ujumbe wa malipo turekebishe. Ikiwa huwezi kulipa yote kwa sasa, tafadhali fika ofisini au utupigie simu kabla ya siku hiyo, tukubaliane utalipa vipi. Ikiwa tulishakubaliana nawe, makubaliano hayo yanabaki. Baada ya mapumziko ya katikati ya muhula, mtoto ambaye mzazi wake hajalipa wala hajazungumza nasi atasubiri nyumbani hadi tuelewane. Barua ya jana haikukupa heshima unayostahili. Tunaomba radhi.

"Na isiende uchi," bursar akasema. "Bahasha. Jina la mzazi juu. Ifungwe."

Ikabidi Director akubali bei ya bahasha. Tukaenda wote wawili. Akasoma, akakunja uso.

"Hii ni kama kadi ya kualika watu harusi."

"Ndiyo, Director," bursar akasema, upole kabisa. "Na harusini mtu haji mikono mitupu."

Mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nilinyamaza mpaka aliposema, "Basi chapeni, lakini mjue hii uchafu ni ya bursar kusafisha."

"Si yake," nikasema.

"Unasemaje?"

"Ya kwanza niliandika mimi. Yeye alikuwa benki. Na wewe uliisoma, ukacheka, ukaweka tiki. Iko kwa faili. Nikuletee?"

Bursar alinifinya mkono chini ya meza, finya ya Mombasa kabisa, lakini ilikuwa imeshatoka.

Director alinyanyuka. "Wewe msichana unanipandishia sauti kwa shule yangu?"

"Sijapandisha. Hii ndio sauti yangu."

Aliniangalia, akaangalia mlango, akakumbuka kuta ni za mbao. Walimu walikuwa break, wamejaa hapo nje na vikombe. Akakaa. "Una onyo. Ya maandishi. Uichape mwenyewe uniletee nisaini." Na kwa bursar akasema, "Ijumaa ni Ijumaa. Sijabadilisha kitu."

Nilichapa onyo yangu mwenyewe, nikiuma meno. Halafu nikachapa barua na bahasha sitini na kitu, ziende na watoto hiyo hiyo jioni. Mara hii nilikaa na counter book kando, mstari kwa mstari. Nilipofika kwa huyo mama wa kitambaa nyeusi, nikaona penseli ya bursar: *Amefiwa. Asisumbuliwe hadi muhula uishe. Nimemwambia.* Tarehe ilikuwa kabla ya barua yangu. Ilikuwa hapo wakati wote, mkono moja kutoka kwa kompyuta yangu. Huyo hatukumwekea bahasha ya karo. Bursar aliandika noti fupi na mkono, akaiweka yeye mwenyewe kwa begi ya kijana.

Jumatatu watu walianza kuja. Wengine walikuja bado wamefura, wakiniangalia kama mimi ni nyoka, lakini walikuja na ile bahasha mkononi, na mtu akija na bahasha anajua amekuja kufanya nini. Pesa ya yule mzee wa M-Pesa ilipatikana kwa statement, tukamwandikia risiti, akaniambia, "Sasa hiyo ndio kuongea na mtu." Mama wa nguo za Toi alileta ya Jumamosi mbili pamoja. Si wote. Kuna wenye hawakuja, na kuna mmoja wa Kilimani, gari kubwa, balance kubwa, aliandika kwa group ati shule haina adabu, na mpaka leo sijui kama alilipa. Huyo hata methali yote kwa kitabu yangu haingemtosha.

Lakini group haikutulia. Ile picha bado ilikuwa pale juu, na kila asubuhi mtu mpya anaikuta anaanza upya. Na mwenye kuiweka alikuwa hajasema neno. Kila siku Director anapita mlangoni, "Huyo mama wa Woodley amesema nini?" na bursar anasema bado. Jumatano niliona ameanza kutoa vitu vyake kwa droo. Tasbihi, dawa za presha, kalamu. Anaviweka kwa mfuko pole pole, akidhani sioni.

Alhamisi mchana huyo mama akaja.

Bursar alikuwa ameenda kuswali kwa chumba ya staff. Tulikuwa wawili tu. Nilisimama mpaka kiti ikaanguka nyuma yangu.

"Mama, ile barua niliandika mimi. Si bursar. Alikuwa hayuko. Alisema muhuri ni yake juu ya kunifichia. Mimi ndio niliweka matanga, sikuangalia kitabu, sikujua. Na sasa anafutwa kesho juu yangu. Nikasirikie mimi. Nitukane. Hata weka picha yangu kwa group, nitasimama vizuri."

Akainua kile kiti, akakalia yeye.

"Nilijua si yeye," akasema.

"Ulijua aje?"

"Huyo mama alikuja matanga. Woodley, jioni tatu. Anafika na mfuko ya sukari, anakaa na wamama anachambua mchele, na hata nyimbo zetu hazijui. Mtu kama huyo anaandika hivyo? Nilijua hiyo asubuhi. Nikaona msichana anaangalia stepla. Nikasema wacha ningoje, nione huyu atanyamaza mpaka lini."

Wiki nzima nimekasirikia Director kwa kunyamaza nyuma ya tiki yake, na huyu mama alikuwa ananiangalia mimi.

"Imekuchukua wiki," akasema. "Mtoto wangu usiku anaamka akiniuliza kama tumemaliza kulipa."

"Pole," nikasema. Nikasikia venye ni neno ndogo.

Akatoa simu. Sikuona alichoandika, lakini ndani ya dakika simu yangu ikalia juu mimi pia niko kwa hiyo group ya wazazi. Alikuwa amepiga picha ile noti ya mkono, akaweka hapo, na chini ameandika: *Bursar wetu aliomba radhi na hata kosa si lake. Watoto wangu wanabaki. Wengine wenu lipeni.*

Director aliisoma pia, niliskia thermos ikiwekwa chini. Akaja mlangoni, akaona mwenye amekaa, akatabasamu meno yote. "Madam! Karibu sana." Halafu bursar akatokea na viatu mkononi, na Director akamwambia, kama mtu anatupa mfupa, "Bursar, wewe endelea na kazi." Basi. Hakuna pole, hakuna samahani, akarudi kwa chai yake. Nilifungua mdomo. Bursar akanitazama, nikaufunga, na mpaka leo hiyo pole anamdai.

Huyo mama hakuwa amemaliza na mimi. Bursar alimwambia hakuna haraka, muhula uishe kwanza. Akakataa.

"Sitaki ya kuhurumiwa. Nataka yangu iandikwe kama ya watu wengine. Elfu mbili, kila tarehe kumi." Akanielekeza kidole. "Na aandike huyu."

Bursar akanisukumia counter book na penseli. Nikakaa kwa pembe ya meza, juu kiti yangu ilikuwa na mwenyewe, nikaandika. Huyo mama aliisoma mstari yote, na kidole chini ya kila neno, halafu akasema nifute "atalipa" niandike "tumekubaliana".

Nikafuta.